Maoni kuhusu rasimu ya insha "Masomo Yaanze Saa Mbili na Nusu"

Mwenzangu,

Dai lako liko wazi tangu mwanzo. Aya ya pili, unapoeleza jinsi balehe inavyosogeza mbele saa ya usingizi ya kijana, ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Usiipunguze.

Tatizo liko aya ya tatu. Umeandika: "Wanaolala vya kutosha hufaulu, kwa hiyo masomo yakichelewa kuanza matokeo yatapanda." Hapo umeruka hatua. Huenda anayelala vizuri anaishi pia kwenye nyumba tulivu, au hana kazi za jioni, na hayo nayo humsaidia kufaulu. Isitoshe, hujaonyesha kwamba muda utakaoongezwa asubuhi utatumika kulala, si kukesha zaidi. Tafuta utafiti uliopima shule ileile kabla na baada ya kubadili ratiba. Huo ndio utakaobeba dai lako.

"Wataalamu wanasema" haitoshi. Wataje: mwaka 2014, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza shule za sekondari zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Ila hilo ni pendekezo, si ushahidi wa matokeo ya mitihani, kwa hiyo liweke mwishoni mwa aya ya pili.

Wapinzani umewapa sentensi moja tu. Mzazi anayewahi kazini atamwacha mtoto na nani? Mjibu kwa aya nzima, maana huyo ndiye unayetaka kumshawishi. Mfano wa binamu yako ningeuondoa. Mtu mmoja hathibitishi lolote hapa.