Taarifa ya Kuitwa Kwenye Kikao cha Nidhamu

SIRI

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Ndugu Zuhura Athumani,
Mtunza Stoo, Ghala la Vingunguti,
Dar es Salaam.

YAH: TUHUMA ZINAZOKUKABILI NA WITO WA KUFIKA MBELE YA KIKAO CHA NIDHAMU

Rejea barua yangu ya 22 Oktoba 2024 iliyokusimamisha kazi kwa mshahara kamili ili kupisha uchunguzi, pamoja na maelezo yako ya maandishi uliyoyatoa tarehe 23 Oktoba. Uchunguzi umekamilika. Uongozi umeona kuna hoja za kujibu, na kwa barua hii unaitwa kuzijibu mbele ya kikao cha nidhamu kitakachofanyika Ijumaa, 8 Novemba 2024, saa 4:00 asubuhi, katika chumba cha mikutano, ghorofa ya kwanza, jengo la utawala hapo Vingunguti.

Tafadhali isome barua hii yote, hata kwa awamu mbili. Hadi leo hakuna aliyekutia hatiani. Yanayofuata ni madai ya Kampuni, na ni juu ya Kampuni kuyathibitisha kwa ushahidi mbele yako.

Tuhuma ya kwanza: uzembe mkubwa kazini. Inadaiwa kwamba Alhamisi, 17 Oktoba 2024, kati ya saa 8 na saa 10 alasiri, ukiwa mtunza stoo wa zamu, uliruhusu madumu 150 ya mafuta ya kula ya lita 20 yapakiwe kwenye Fuso la mteja, wakati delivari noti na geti pasi uliyoisaini vilionyesha madumu 120. Madumu 30 yaliyozidi, yenye thamani ya shilingi 2,760,000 kwa bei ya jumla ya siku hiyo, yalitoka bila hati yoyote. Utaratibu wa stoo unamtaka mtunza stoo ahesabu mzigo mwenyewe kabla ya kusaini geti pasi.

Tuhuma ya pili: kukosa uaminifu kwa kiwango kikubwa. Inadaiwa kwamba kati ya jioni ya 17 Oktoba na asubuhi ya 21 Oktoba ulibadilisha salio la mafuta kwenye leja ya stoo kutoka 412 kwenda 382 kwa kufuta kwa wino mweupe, ili leja ilingane na mzigo uliobaki na upungufu usionekane. Salio la kufungulia siku lilikuwa 532. Ukitoa 120 unabaki na 412, na ndiyo namba iliyokuwamo kwenye ripoti ya jioni ambayo msaidizi wako aliituma kwenye kundi la WhatsApp la stoo. Mkaguzi wa ndani alipohesabu asubuhi ya 21 Oktoba alikuta madumu 382.

Tuhuma hizi mbili zimetenganishwa kwa makusudi. Mtu anaweza kukosea kuhesabu bila kuwa na nia ya kuficha, na kikao kinaweza kuona moja imethibitika na nyingine haijathibitika, au zote mbili hazijathibitika. Tafadhali ijibu kila moja peke yake.

Katika maelezo yako ulisema kwamba madumu 30 yalipakiwa kwa agizo la simu la msimamizi wa mauzo, kwa ahadi kwamba mteja angeyalipia kesho yake, na kwamba marekebisho ya leja uliyafanya wazi, kwa kuwa mzigo kweli ulikuwa umetoka. Maelezo hayo hayakupuuzwa. Yamo ndani ya ripoti ya uchunguzi neno kwa neno, na msimamizi wa mauzo ameagizwa kuwepo siku ya kikao ili umhoji wewe mwenyewe. Kama una kumbukumbu ya simu hiyo au ujumbe wowote mlioandikiana, uje nao.

Pamoja na barua hii umepewa nakala za delivari noti, geti pasi, ukurasa wa leja wa Oktoba, picha ya ripoti ya jioni ya 17 Oktoba, karatasi ya hesabu ya mkaguzi wa ndani, ripoti ya uchunguzi na maelezo yako mwenyewe. Sehemu za ripoti zilizoandikwa kwa Kiingereza zimetafsiriwa, na kikao chote kitaendeshwa kwa Kiswahili. Picha za kamera za eneo la kupakilia ni nzito kutuma kwa simu. Unaweza kuja ofisini kwangu Jumanne au Jumatano, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, ukazitazama ukiwa na mwakilishi wako kwa muda mnaouhitaji. Mlinzi wa getini ana maelekezo ya kukuruhusu kuingia.

Mashahidi wa Kampuni watakuwa mkaguzi wa ndani, msaidizi wa stoo na meneja wa ghala.

HAKI ZAKO

Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, zinataka mfanyakazi apewe muda wa kutosha kujiandaa, usiopungua saa 48. Wewe umepewa karibu siku nne. Kama bado hazitoshi, au kuna sababu nyingine ya msingi kama ugonjwa, omba kwa maandishi kikao kisogezwe mbele na ueleze sababu. Ombi hilo litaamuliwa na mwenyekiti wa kikao, wala si mimi au meneja wa ghala.

Una haki ya kuwakilishwa na mfanyakazi mwenzako unayemchagua au na kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Kwa kuwa wewe ni mwanachama wa TUICO, nakala ya barua hii imepelekwa kwa katibu wa tawi hapo Vingunguti, lakini hulazimiki kumtumia yeye. Mwakilishi wako ataruhusiwa kukusaidia kujiandaa, kuhoji mashahidi na kuzungumza kwa niaba yako, na hatakatwa chochote kwa muda atakaoutumia. Kampuni haitaleta wakili kwenye kikao, na utaratibu wetu wa ndani haumruhusu wakili kwa upande wowote.

Una haki ya kumhoji kila shahidi, kutoa vielelezo vyako na kuita mashahidi wako. Nipe majina yao kufikia Alhamisi saa 6 mchana ili wapangiwe nafasi kwenye zamu. Hakuna mfanyakazi atakayebughudhiwa kwa kuja kukutetea. Nimewaeleza hivyo mameneja wote wa ghala, na akitokea wa kumtisha shahidi wako, nijulishe siku hiyohiyo.

Kikao kitaongozwa na Meneja wa Tawi la Morogoro. Hakushiriki uchunguzi, hasimamii ghala la Vingunguti, na hajapewa jalada hili zaidi ya barua unayoisoma. Meneja wa ghala ndiye aliyeleta malalamiko, kwa hiyo hawezi kukaa kama mwamuzi. Ukiwa na sababu ya kumkataa mwenyekiti, ieleze mwanzoni mwa kikao na itaandikwa kwenye kumbukumbu.

Ulirudi kutoka likizo ya uzazi mwezi Julai. Kama bado unanyonyesha, mlete mtoto na msaidizi wake. Chumba cha huduma ya kwanza kitakuwa wazi kwa ajili yenu, na kikao kitasimama kila utakapohitaji.

Usipofika bila sababu ya msingi, kikao kinaweza kuendelea bila wewe na uamuzi ukatolewa kwa ushahidi utakaokuwepo. Nakusihi usiliache hilo litokee. Maelezo yako kuhusu simu ya msimamizi wa mauzo yanahitaji mtu wa kuyasimamia mbele ya mwenyekiti, na hakuna anayeyafahamu kuliko wewe.

BAADA YA KIKAO

Mwenyekiti ataamua kwanza kama kila tuhuma imethibitika. Zisipothibitika, utarejea kazini zamu inayofuata na barua ya kusimamishwa itaondolewa kwenye jalada lako. Ikithibitika hata moja, hataendelea moja kwa moja kwenye adhabu. Utapewa nafasi ya kueleza mambo ya kupunguziwa adhabu: miaka sita uliyofanya kazi hapa, jalada lako lisilo na onyo hata moja, hali ya familia, na lolote unaloona lina uzito. Kanuni zinamtaka ayapime hayo pamoja na ukubwa wa kosa. Aidha, kosa la kwanza halihalalishi kuachishwa kazi isipokuwa liwe zito kiasi cha kufanya ajira isiweze kuendelea.

Lakini sitakuficha uzito wa jambo hili. Uzembe mkubwa na kukosa uaminifu kwa kiwango kikubwa yametajwa na Kanuni miongoni mwa makosa yanayoweza kusababisha ajira kusitishwa. Adhabu inayowezekana inaanzia onyo la maandishi na inaweza kufika huko.

Uamuzi na sababu zake utakabidhiwa kwa maandishi ndani ya siku tano za kazi, yaani si zaidi ya Ijumaa, 15 Novemba 2024. Usiporidhika, una siku tano za kazi tangu kuupokea kukata rufaa kwa Mkurugenzi wa Uendeshaji. Barua ya rufaa iletwe ofisini kwangu, nami nitaigonga muhuri wa tarehe na kukupa nakala. Mkurugenzi ataijibu ndani ya siku tano za kazi.

Ikiwa ajira itasitishwa na ukaona si haki, unaweza kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, kwa kujaza Fomu Na. 1. Muda ni siku 30 tangu tarehe ya kusitishwa, au tangu mwajiri atoe uamuzi wa mwisho wa kuthibitisha usitishaji huo. Siku hizo ni za kalenda, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Tume huanza na usuluhishi, na usipofanikiwa, shauri huenda kwenye uamuzi.

Utaendelea kulipwa mshahara wako wote hadi uamuzi utolewe. Hakuna fedha itakayokatwa kufidia madumu 30 kwa sababu ya tuhuma tu. Hata hasara ikithibitika kuwa imetokana na kosa lako, makato hayafanyiki bila utaratibu wa haki, na sheria inazuia jumla ya makato kuzidi robo ya mshahara. Kampuni haijafungua jalada polisi. Ikitokea ukashtakiwa mahakamani kwa jambo hilihili, sheria inatuzuia kukupa adhabu ya kinidhamu hadi shauri hilo na rufaa zake zifike mwisho.

Kwa sasa tafadhali usiwasiliane na mteja mwenye Fuso kuhusu mzigo huu. Mashahidi wako uko huru kuzungumza nao.

Wako katika kazi,

(Saini)
Meneja wa Rasilimali Watu

Nakala: Katibu wa Tawi, TUICO, Vingunguti, Mwenyekiti wa Kikao, Jalada binafsi.

UTHIBITISHO WA KUPOKEA

Nimepokea barua hii na viambatisho saba leo Jumatatu, 4 Novemba 2024, saa 9:20 alasiri. Nimesomewa na nimeielewa. Kusaini kwangu ni kupokea tu, sijakiri kosa lolote. Nitakuja na katibu wa tawi Jumatano saa 4 asubuhi kutazama picha za kamera. Naomba pia nakala ya daftari la mlinzi wa getini la tarehe 17 Oktoba, haimo kwenye viambatisho.

(Saini) Zuhura Athumani

Ombi la daftari la getini limepokelewa. Nakala itakabidhiwa kesho Jumanne kabla ya saa 6 mchana.

(Saini) Meneja wa Rasilimali Watu