Msaada: fonti ya kibao cha duka la babu, Mwanjelwa

Wakuu, habari za leo. Niko Mbeya. Natafuta fonti ya kibao kilichoteketea soko la Mwanjelwa lilipoungua 2006. Picha iliyobaki ni moja, imefifia. WhatTheFont na Google Lens zote zimeshindwa. Naeleza ninavyokumbuka.

Ni nene, ina vijiguu vya mviringo kwenye ncha, kama rangi iliyovimba. Alama kubwa ni hii: kwenye h, m na n ndogo, mguu wa kulia haukusimama wima, umetanuka nje kama mtu anayetaka kupiga hatua. Kile kijistari cha ndani ya e kimepanda kwa mshazari. Ya a sina uhakika, lakini e naiapia, maana ilikuwa mara tatu kwenye neno "pembejeo" na nilijifunzia kusoma pale.

Cooper Black ya 1922 nimeilinganisha. Siyo: miguu ya n yake imesimama wima.

Nataka kukichora upya kabla bibi hajafunga macho. Mwenye kuitambua hiyo h aniambie jina, tafadhali.