Barua ya Kuomba Kuongezewa Muda wa Kukamilisha Utafiti

Kiuyu Mbuyuni,
Wilaya ya Micheweni,
Pemba.
19 Mei 2025

Mhadhiri na Msimamizi wa Utafiti,
Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar,
Tunguu, Unguja.

YAH: OMBI LA KUONGEZEWA MUDA WA KUWASILISHA RIPOTI YA UTAFITI KWA SABABU YA MARADHI

Mwalimu,

Assalaam alaykum.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye unamsimamia katika utafiti wa ukuaji wa mwani aina ya spinosamu na kotonii katika maji ya Kiuyu Mbuyuni. Ripoti ya utafiti huo ninatakiwa kuiwasilisha tarehe 13 Juni 2025. Kwa heshima naomba niruhusiwe kuiwasilisha Ijumaa ya tarehe 1 Agosti 2025.

Nilianza kupata homa tarehe 24 Aprili, na kwa siku mbili nilidhani ni uchovu wa jua na maji ya chumvi. Tarehe 26 nililazwa, nikagundulika kuwa na homa ya matumbo, na niliruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 3 Mei kwa sharti la kumaliza dawa na kupumzika wiki mbili bila ya kuingia baharini. Mapumziko hayo yamemalizika juzi. Nakala ya cheti cha daktari nimeiambatanisha na barua hii.

Najua utajiuliza, na ni haki yako, kwa nini mtu aliyeugua wiki tatu anaomba wiki saba. Jibu liko kwenye bamvua. Kamba zangu ziko mahali ambapo maji hayatoki vya kutosha wakati wa maji mafu, kwa hiyo siwezi kuzifikia kwa miguu na mizani mkononi ila katika siku chache zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tena asubuhi, kabla maji hayajaanza kujaa. Nilifunga mbegu katika bamvua la mwisho wa Machi, nikapima mara ya kwanza katikati ya Aprili, na vipimo viwili vilivyobaki, pamoja na mavuno ya siku ya arubaini na tano, vilikuwa vifanyike katika bamvua la mwisho wa Aprili na lile la katikati ya Mei. Yote mawili yamenikuta kitandani.

Shangazi yangu, ambaye naye ni mkulima wa mwani, alinionea huruma akaenda kunipimia kamba sita kati ya ishirini. Alizipima zikiwa bado zinachuruzika maji, wakati utaratibu tuliokubaliana ni kuzitundika dakika kumi kwanza, na hakuandika kamba ipi ilikuwa ya kotonii. Namshukuru sana, lakini sikuona haki kuziingiza takwimu hizo katika ripoti. Kamba zilizobaki mwani wake umekatika kwa mawimbi ya masika, na kwenye vigingi vya upande wa nje zimebaki taitai tupu.

Kwa hiyo hakuna njia isipokuwa kupanda upya. Nimekwisha kupata mbegu, na nakusudia kuzifunga katika bamvua la tarehe 27 hadi 29 Mei, kupima katikati na mwishoni mwa Juni, kisha kuvuna kati ya tarehe 10 na 13 Julai. Sikukuu ya Idi inatarajiwa kuangukia baina ya mabamvua, hivyo haitanizuia. Wiki zitakazobaki baada ya mavuno nitazitumia kuchambua takwimu na kuandika sura mbili za mwisho. Sura tatu za mwanzo ziko tayari na nitakutumia wiki hii, na mahojiano na wakulima nimekwisha kufanya 28 kati ya 40. Yaliyobaki nitayamaliza kabla ya Idi, kwa kuwa hayahitaji kusubiri bahari.

Iwapo utaratibu wa chuo hauruhusu muda mrefu kiasi hicho, naomba uniruhusu nibadilishe upeo wa utafiti ili utegemee mahojiano peke yake, na ripoti hiyo ningeweza kuiwasilisha tarehe 4 Julai. Sitaficha kwamba ningesikitika, kwa sababu wakulima wengi hapa wameiacha kotonii kwa vile inakufa maji yanapopata moto, na wanachoniuliza kila siku ni kama inaweza kukua tena ikisogezwa kwenye kina kirefu zaidi. Swali hilo linajibiwa kwa mizani.

Naomba nipate jibu lako kabla ya tarehe 26 Mei, ili nijue kama nifunge mbegu au nisifunge. Nasikitika pia kwa kuchelewa kukuarifu. Nilipolazwa simu yangu ilibaki nyumbani, na nilipotoka sikuwa na nguvu ya kuandika barua ya maana.

Wako mtiifu,

Zuwena Hamad Faki
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu

Kiambatanisho: Nakala ya cheti cha daktari