Wazo la Kipindi: Keki ya Kwanza

Kipindi hiki cha dakika 8 kinamfuata mwanagenzi anayeoka keki kwa mara ya kwanza, akisoma maelekezo kwa sauti na kuyatii neno kwa neno, kwani kichekesho kinatokana na utiifu wake, wala si upumbavu. Anapepeta unga mbele ya feni na kubaki na nyusi nyeupe hadi mwisho bila kutambua. Maelekezo yanapomwambia atenganishe mayai, anaweka mawili kila upande wa meza. Moja linabingirika taratibu, kamera ikilifuata hadi ukingoni, na ukimya huo usifunikwe kwa muziki. Yai hilo lililopasuka sakafuni halipanguswi, maana tutalihitaji.

Kosa kubwa ni kikombe cha unga wa kuumulia badala ya kijiko cha chai: keki inafura, inamwagika ndani ya oveni na kutoa moshi. Akikimbilia dirisha, anakanyaga yai. (Oveni ya onyesho hilo isiwashwe, moshi utoke kwenye mashine, na mwigizaji aangukie godoro lililofichwa.) Hatimaye, akiwa amelala chali, anasoma mstari wa mwisho: “Pamba upendavyo.”