Pole, Dada, kwa Kuondokewa na Mama

Dada, hodi mlangoni, twaingia polepole,
Ilitufika kazini, habari ya mama yule,
Kalamu zikawa chini, kimya huku, kimya kule,
Pole dada, tena pole, pokea mkono wetu.

Saa sita ya mchana, ilikuwa yake simu,
“Umekula, wangu mwana?” Sauti yajaa hamu,
Nawe ukicheka sana, wampa zetu salamu,
Leo kimya ni kigumu, saa hiyo, hapa petu.

Siku alipotujia, kukuletea mwavuli,
Kiti chako kakalia, mvua ikiwa kali,
“Wanangu,” akatwambia, hata bosi kakubali,
Tukawa wake kamili, naye akawa wa kwetu.

Hatusemi usilie, chozi halina aibu,
Ukitaka tusikie, simulia taratibu,
Ukitaka tutulie, hatudai la kujibu,
Hata usiku, karibu, i wazi milango yetu.

Usiiwazie kazi, hesabu tumegawana,
Za mwisho huu wa mwezi, twafunga tukifaana,
Na ua lina mlezi, hunyweshwa kila mchana,
Rudi nguvu ukiona, kiti kipo kati yetu.

Mola amlaze mama, pahali pa utulivu,
Nawe akupe uzima, apoze na maumivu,
Baba ampe huruma, zisiwe sikuze kavu,
Twakuombea kwa nguvu, dua hizi ndizo zetu.

Dada, kina kikipinda mahali tusamehe. Sisi ni watu wa hesabu, na beti hizi zimeandikwa na mikono minane kwenye meza moja, kila mtu akifuta neno la mwenzake. Ubeti wa mwavuli haukufutwa na yeyote. Mwavuli wenyewe bado umetundikwa nyuma ya mlango, pale pale ulipouacha siku ile jua lilipotoka ukausahau. Tulitaka tukuletee pamoja na kadi, kisha tukaona heri uukute mwenyewe. Usipotaka kuukuta hapo, mtumie mmoja wetu ujumbe tu, tutaufikisha nyumbani.

Ndani ya bahasha mna rambirambi yetu. Usihangaike kutafuta nani katoa nini, kwani orodha hatukuandika. Na kadi hii haingoji jibu, wala simu zetu haziulizi utarudi lini. Tukipiga, ni kukujulia hali tu, na usipopokea tutaelewa.

Mfikishie baba shikamoo zetu, na wadogo zako pole nyingi.

Wenzako wa chumba cha hesabu,
pamoja na bosi, mwana wa mama kwa kukubali mwenyewe