Ombi la kurejeshewa bidhaa: vijiko vya saladi vya pembe ya ng'ombe

Kibera, Nairobi
19 Mei 2025

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Rufaa za Wauzaji,

KUH: KUONDOLEWA KWA BIDHAA NAMBA 774-2091

Tarehe 16 Mei mliondoa kwenye duka langu la mtandaoni jozi ya vijiko vya saladi, mkaeleza kwamba ni vya pembe za ndovu. Sivyo. Ni vya pembe ya ng'ombe wa kufugwa, na naomba mtu anayezijua bidhaa za wanyama aliangalie upya suala hili.

Pembe tunazinunua machinjioni Dagoretti, kutoka kwa ng'ombe waliochinjwa kwa ajili ya nyama. Fundi huzikata kwa msumeno, huzichemsha hadi zilainike, huzibana kati ya mabamba ya chuma ili zinyooke, ndipo anapozichonga na kuzisugua kwa msasa. Pembe ya ng'ombe ni keratini, kitu kilekile cha kucha na nywele, ndiyo maana inakubali kukunjwa ikiwa moto. Ya ndovu ni jino.

Nadhani iliyowatia shaka ni picha ya pili, yenye kijiko cha rangi ya maziwa. Ng'ombe wengine wana pembe nyeupe hivyo. Nimeambatisha picha mpya ya kijiko hichohicho kikiwa kimeinuliwa juani: ukingoni mwanga unapenya, na nyuzi zimekwenda kwa urefu wa kijiko. Jino la ndovu likikatwa kwa kukingama huonyesha mistari myembamba inayopishana. Kwenye picha ya mpini uliokatwa hamtaiona.

Ndovu wa Kenya wamo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inatoa adhabu kali kwa anayefanya biashara ya pembe zao. Ng'ombe wa kufugwa hawamo katika kiambatisho chochote. Kwenye fomu za forodha tunaandika 9601.90, kundi la pembe na mifupa iliyochongwa. Pembe za ndovu zina namba yake, 9601.10. Aprili 2016 nchi yangu ilichoma tani 105 za pembe za ndovu hapa Nairobi, na mimi niliunga mkono moto ule kwa moyo wote. Kuhesabiwa pamoja na wanaowaua ndovu kumeniuma kuliko mauzo niliyopoteza.

Naomba mambo matatu: bidhaa irudishwe pamoja na maoni ya wateja wake, onyo lifutwe kwenye akaunti yangu, na malipo ya oda zilizokwisha kutumwa yaachiliwe, kwa sababu mafundi wanasubiri ujira wao.

Nimeambatisha risiti za machinjioni, leseni ya biashara ya Kaunti ya Nairobi, na video ya kazi tangu pembe ghafi hadi kijiko. Mkihitaji kipande cha kupimwa maabara, nitakituma kwa gharama yangu.

Wako mwaminifu,
Mwenye duka, akaunti KE-20418