Ufafanuzi kwa wateja: akaunti bandia inakusanya arubuni kwa jina la Nakshi Langoni

Lamu, Jumatatu 9 Machi 2026

Assalaam alaykum wateja wetu wa Lamu, Malindi, Mombasa na kwingineko.

Kuna akaunti ya Instagram na ukurasa wa Facebook vinavyotumia jina la duka letu, nembo yetu na picha za kazi zetu kuchukua arubuni za vitanda, makasha na milango. Akaunti hizo si zetu. Aliyezifungua hafanyi kazi kwetu, si wakala wetu, na hatuna tawi Malindi kama anavyodai. Pesa zilizotumwa kwake hazikufika dukani.

Akaunti yetu ya Instagram ni nakshi.langoni, yenye nukta katikati. Ya bandia ni nakshi_langonii: ina mstari wa chini badala ya nukta, na herufi i mbili mwishoni. Kwenye simu yenye maandishi madogo tofauti hiyo ni vigumu kuiona, kwa hiyo msitegemee macho peke yake. Fungueni ukurasa wa akaunti, bonyezeni vitone vitatu vilivyo juu, kisha About this account. Akaunti yetu itaonyesha kwamba ilifunguliwa mwaka 2017; ya bandia ilifunguliwa Februari mwaka huu. Kwenye Facebook tazameni sehemu ya Page transparency, ambayo huonyesha tarehe ukurasa ulipoundwa na majina uliyowahi kutumia. Jina, nembo na picha huigwa kwa dakika chache, lakini tarehe ya kufunguliwa tapeli hana uwezo wa kuirudisha nyuma.

Anavyofanya ni hivi. Hupita chini ya picha zetu, akaona nani ameuliza bei, kisha humwandikia faraghani kabla hatujamjibu. Humwambia kuna ofa ya Idd: kitanda cha samadari cha mvule kwa shilingi 35,000, kipo tayari, kimebaki kimoja, tuma arubuni ya 10,000 tukuwekee. Akishapokea, huomba tena 3,500 za boti na lori. Mteja akilipa hiyo nayo, huambiwa kuna ada ya bima ya mzigo. Akisita, anafungiwa. Sisi wenyewe tumefungiwa na akaunti hiyo tangu mwanzo, ndiyo maana tukiitafuta kwa simu ya duka haionekani. Habari tumezipata kwa wateja waliofika Langoni kuulizia mizigo yao.

Wakati aliouchagua si wa bahati. Harusi nyingi hupangwa baada ya Ramadhani, na familia zinataka kitanda na kasha viwe nyumbani kabla ya siku yenyewe. Mtu mwenye haraka haulizi mengi.

Kwa hiyo tunaeleza hapa jinsi arubuni inavyopokelewa dukani kwetu, hatua kwa hatua, ili yeyote apime alichoambiwa.

Kwanza ni vipimo. Hatuna mlango wa nakshi uliokaa unangoja mnunuzi, kwa sababu mlango huchongwa kwa nafasi yake. Tutakuuliza upana na urefu wa nafasi, unene wa ukuta, mlango ni wa ubao mmoja au wa mbao mbili zenye mfaa katikati, na unafunguka kwa ndani au kwa nje. Nyumba za mawe za hapa kuta zake ni nene na mara nyingi hazikunyooka, basi nafasi hupimwa juu, katikati na chini, na kipimo kidogo kabisa ndicho fundi anachofuata. Kitanda nacho tutauliza ukubwa wa godoro, urefu wa nguzo, na upana wa mlango wa chumba kitakapoingia, kwani samadari isiyofunguka vipande haipandi ngazi za nyumba nyingi za Mkomani. Anayekuomba pesa kabla ya kukuuliza hata kipimo kimoja, huyo si sisi. Hii ndiyo alama tunayoomba muishike kuliko zote, maana tapeli anaweza kuiga picha zetu lakini kazi ya useremala haijui.

Pili ni karatasi ya makubaliano. Inaandikwa aina ya mbao, iwe mvule, msaji au mbambakofi, vipimo, mchoro wa nakshi, bei kamili, na wiki za kazi. Wa mbali hutumiwa picha ya karatasi hiyo ikiwa na nambari ya kitabu chetu cha oda. Baada ya mteja kukubali ndipo arubuni hulipwa, asilimia 40 ya bei, wala hatuombi pungufu kidogo ili "kushikilia nafasi". Asilimia hiyo imewekwa kwa sababu ndiyo inayonunua mbao. Ukiambiwa samadari ya mvule iliyochongwa kwa mkono inauzwa 35,000, jua bei hiyo haitoshi mbao na ujira wa fundi, sembuse faida.

Tatu ni malipo. Tunapokea kwa Till ya Lipa na M-PESA tu, au taslimu dukani kwa risiti yenye mhuri. Hatupokei kwa nambari ya simu ya mtu, wala Pochi la Biashara, wala akaunti ya benki ya "mhasibu". Kwenye menyu chagua Lipa na M-PESA, kisha Buy Goods and Services. Kabla hujakamilisha, soma jina linalotokea: lazima liwe NAKSHI LANGONI FURNITURE. Likitokea jina la mtu, simama hapo. Waliotapeliwa waliliona jina la mtu wakaambiwa ni la msimamizi wa malipo. Hata baada ya kutuma, ujumbe wa M-PESA unatofautiana: pesa iliyoingia Till huandikwa "paid to" na jina la biashara, na iliyokwenda kwa mtu huandikwa "sent to" na jina pamoja na nambari yake ya simu.

Nambari ya Till hatuiandiki katika tangazo hili, na tumefanya hivyo makusudi. Tangazo la namna hii ni rahisi kunakiliwa, kubadilishwa tarakimu, na kusambazwa tena kama ndilo letu. Till yetu imebandikwa mezani dukani na imechapishwa kwenye kila risiti na kila karatasi ya makubaliano. Mwenye risiti ya zamani aitazame hapo, haijabadilika. Ukipokea ujumbe kwamba tumebadilisha Till, uchukulie kuwa ni uongo mpaka usikie kwa sauti kutoka nambari ya simu iliyo kwenye risiti yako.

Nne ni usafiri. Mzigo hutoka dukani kwa punda au mkokoteni hadi gatini, huvushwa kwa boti mpaka Mokowe, na kutoka hapo hupakiwa lori. Gharama hiyo hulipwa kazi ikishakwisha na mzigo ukiwa umefungwa, wala haiombwi pamoja na arubuni. Ada ya bima hatuna.

Mteja aliye mbali ambaye hajawahi kufika kwetu ana haki ya kuhakikisha. Omba kupigiwa simu ya video, si kutumiwa video, maana video zetu za zamani tapeli anazo. Mwambie aliye upande wa pili aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke juu ya kazi unayoitaka, kisha atembeze kamera hadi mlangoni uone barabara. Kwetu ombi hilo halichukizi. Picha ya leseni ya biashara ya kaunti isikutoshe: leseni yetu imetundikwa ukutani na yeyote aliyeingia dukani anaweza kuipiga picha. Tapeli amekwisha kuituma kwa mteja mmoja.

Ikiwa umeshatuma pesa, fanya haya bila kuchelewa:

Usitume nyongeza yoyote, hata ukiahidiwa kurejeshewa. "Ada ya kurejesha" ni mkono uleule ukirudi mfukoni mwako.

Ujumbe wa M-PESA wa muamala huo, upeleke ulivyo kwa 456 kuomba pesa zirejeshwe. Hapa dakika zina thamani. Pesa ikiwa bado imo kwenye akaunti ya aliyepokea, kuna nafasi ya kuzuiwa. Akishaitoa kwa wakala, ombi hilo halina cha kushika. Nambari ya tapeli pamoja na ujumbe wake wa ulaghai zipeleke 333, ambako ni bure.

Piga picha za skrini kabla hujamfungia wala kumtukana, kwa sababu akishtuka atafuta mazungumzo. Chukua ukurasa wake ukionyesha jina la akaunti, mazungumzo yote kuanzia mwanzo, nambari aliyokupa na ujumbe wa muamala. Usikate kingo za picha. Saa na tarehe zinahitajika. Nakili pia kiungo cha ukurasa. Kama mlizungumza WhatsApp, tumia Export chat uhifadhi yote.

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe uandikishe na upewe nambari ya OB. Aliyeko Malindi au Nairobi halazimiki kuja Lamu. Taarifa zaweza pia kutolewa DCI kwa 0800 722 203, simu isiyolipiwa. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya kifungu cha 29 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, basi usikubali kuambiwa haya ni mambo ya simu tu.

Duka limeandikisha malalamiko yake polisi hapa Lamu na limeripoti akaunti zote mbili kwa wenye mitandao. Pesa hizo hatukuzipokea, kwa hiyo hatuwezi kuzihesabu kama arubuni ya kazi, na tunajua jibu hili ni zito kwa aliyejibana kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Tunachoweza ni kumpa kila aliyeathirika barua yenye mhuri inayothibitisha kwamba akaunti na nambari iliyopokea pesa si za duka, aiambatanishe na taarifa yake ya polisi. Barua haina malipo. Njoo na nambari ya OB na nakala ya muamala, au mtume mtu wako.

Tunaomba msisambaze jina linalotokea kwenye nambari ya tapeli. Laini huweza kusajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua lolote, na kazi ya kumtafuta mwenyewe ni ya polisi. Mnachoweza kufanya ni kuiripoti akaunti: vitone vitatu, Report, kisha mchague sababu ya kujifanya mtu au biashara nyingine. Akibadilisha jina na kuibuka upya, tutumieni kiungo na picha ya skrini, kwani sisi kwa simu zetu hatumwoni.

Katika mwezi huu wa Ramadhani duka liko wazi saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, na tena baada ya tarawehe hadi saa tano usiku. Wenye oda halali zilizoandikwa kitabuni kazi zao zinaendelea kwa tarehe zilezile.

Uongozi
Nakshi Langoni
Langoni, Lamu